Aliweka dole gumba, lakini alijua anaweka nini? Dhana potofu kuhusu wosia wa shinikizo

Tangu Serikali ihamie Dodoma, kiwanja cha Ihumwa ambacho zamani babu alikiacha kilimwe mtama kimekuwa kitu cha kugombaniwa na ndugu wa tumbo moja. Matanga yakishaanuliwa, karatasi ya wosia inatolewa kwenye bahasha, inasomwa, na watu wanatazamana. Wengine wanajua kabisa kwamba marehemu, siku iliyoandikwa pale chini, alikuwa hamtambui hata mkewe. Lakini wananyamaza, kwa sababu wameaminishwa kwamba wosia ukishatiwa saini umeshatiwa saini.

Nimekaa na familia nyingi za aina hii, za Mpunguzi, Hombolo, Chamwino na hapa mjini. Dhana zinazowafunga mdomo ni zilezile.

"Wosia ni neno la marehemu, haupingwi"

Unaopaswa kuheshimiwa ni wosia ulio wa marehemu kweli. Sheria zetu zinakubaliana katika hili, ingawa zinatofautiana katika mengine. Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika Tanzania kwa wasiofuata mila wala sheria ya Kiislamu katika mirathi, inasema wosia, au sehemu yake, uliopatikana kwa udanganyifu, kwa kulazimishwa, au kwa kumsumbua mtu mpaka akapoteza uhuru wake wa kuamua, ni batili. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka mtoa wosia awe na akili timamu na atoe kwa hiari yake. Zinakataa wosia wa mtu ambaye akili yake haikuwa sawa kwa sababu ya maradhi au ulevi, na hata kwa hasira ya ghafla. Hilo la hasira watu wengi hawalijui: mzee aliyegombana na mwanawe jioni, akaita karani usiku uleule ili amfute, anaacha wosia wenye ufa.

"Aliwahi kulazwa Mirembe, kwa hiyo wosia wake haufai"

Hii naisikia Dodoma kuliko popote, na inaniuma, kwa sababu inatumika kuwanyang'anya watu sauti yao. Mtu alilazwa Mirembe miaka ya nyuma, akatibiwa, akarudi kijijini, akalima na kusomesha watoto. Akifa, ndugu ambaye hakuridhika na mgao anasimama na kusema, "Huyu alikuwa mgonjwa wa akili."

Mahakama haiulizi kama mtu aliwahi kuugua. Inauliza alikuwaje saa ile alipotoa wosia. Sheria ya 1865 inasema wazi kwamba hata mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu anaweza kuandika wosia katika kipindi ambacho akili yake imetulia. Kipimo kinachofuatwa kilitoka Uingereza mwaka 1870, katika kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow. Bwana Banks aliwahi kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na aliendelea kuamini kwamba mtu mmoja, ambaye alikwisha kufa zamani, anamwandama. Hata hivyo wosia wake ulikubaliwa, kwa kuwa imani ile haikugusa hata kidogo namna alivyogawa mali yake.

Kutokana na kesi ile, maswali ni haya. Je, mtu alielewa kwamba anatoa wosia na kwamba utafanya kazi baada ya kifo chake? Je, alikuwa na picha ya mali yake, si kila kuku, bali kwa ujumla ana nini? Je, aliwakumbuka watu ambao kwa haki angepaswa kuwafikiria, hata kama mwishoni aliamua kutompa mmoja wao? Na je, kuna dhana yoyote ya ugonjwa iliyompotosha katika kugawa, mfano kuamini bila msingi wowote kwamba binti yake anamtilia sumu kwenye uji?

Ndiyo maana kinyume chake pia ni kweli. Mtu ambaye hajawahi hata kuiona Mirembe anaweza kukosa akili timamu kwa siku tatu tu, na siku hizo tatu zikawa ndizo za wosia. Mzee mwenye maambukizi ya mkojo au homa kali anaweza kuchanganyikiwa ghafla, asubuhi anakuita kwa jina lako, jioni anakuita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Sukari ikishuka sana, hali ni hiyohiyo. Kiharusi nacho kina mambo yake, na mfano ninaotaka kuueleza unahusu kiharusi.

"Kuna dole gumba na mashahidi, basi imekwisha"

Chukulia mzee wa miaka 78 wa Mpunguzi. Ana ekari tatu za zabibu, kiwanja Ihumwa na ng'ombe. Ana mke, na alizaa watoto watano, mmoja wao binti aliyefariki na kuacha wajukuu wawili. Anapata kiharusi, analazwa, na anaruhusiwa siku ya Alhamisi. Kitinda mimba anampeleka nyumbani kwake mjini badala ya kumrudisha Mpunguzi kwa mkewe. Jumapili yake wosia unaandikwa: shamba na kiwanja vyote vya kitinda mimba, na "ng'ombe wangu 20" wagawane waliobaki. Miezi miwili baadaye mzee anafariki.

Ukiisoma karatasi ile polepole, inaanza kuzungumza. Mzee alijua kuandika, na saini yake ipo kwenye vitabu vya ushirika kila msimu wa kuuza zabibu, lakini hapa kuna dole gumba. Dole si kosa, kwa sababu huenda mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea. Ila dole linaonyesha tu kwamba kidole kiligusa wino na karatasi. Halionyeshi kwamba mzee alisoma au alisomewa, wala kwamba alielewa. Kisha kuna ng'ombe 20, wakati kila mtu kijijini anajua aliuza sita misimu miwili iliyopita na walibaki 14. Mtu anaweza kukosea hesabu, na kosa hilo peke yake halivunji wosia. Lakini watoto waliotajwa ni wanne, na watoto wa yule binti aliyefariki hawamo hata kwa neno la kuwanyima. Mashahidi ni wawili, wote marafiki wa kitinda mimba. Sheria ya mila kwa wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika inataka wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kwa asiyejua, wanne. Kwa hiyo kama mirathi hii ni ya kimila, wosia umeanguka kwenye mashahidi kabla hata hatujafika kwenye akili.

Mambo haya, kila moja likiwa peke yake, lina maelezo. Yakikaa pamoja, mahakama inayaona kuwa ya kutia shaka, na hapo anayeuleta wosia ndiye anayepaswa kuiondoa shaka hiyo. Ni juu yake kuonyesha kwamba mzee alijua na alikubali kilichoandikwa. Lakini anayedai kwamba mzee alilazimishwa au alidanganywa, huyo naye lazima athibitishe hilo kwa ushahidi wake. Wengi wanapoteza kesi hapa: wanafika na uchungu tu.

"Kitinda mimba alimshawishi, basi ni shinikizo"

Hapana. Kumwomba mzazi, kumkumbusha nani alimuuguza, hata kulia mbele yake, vyote vinaruhusiwa iwapo mzazi bado ana nguvu ya kukataa. Mzee akisema, "Huyu ndiye aliyenifulia nguo, nampa shamba," hilo ni shukrani, na wengine hawana la kufanya.

Mpaka unavukwa pale utashi wa mwingine unapoingia mahali pa utashi wake. Sheria ile ya 1865 inatoa mfano ninaoupenda kwa ukweli wake: mtu aliyedhoofika kiasi cha kushindwa kustahimili kusumbuliwa, akatoa wosia ili tu apate amani, wosia huo si halali. Hakuna aliyeshikiwa panga hapo. Katika mfano wetu, simu ya mzee ilikuwa mikononi mwa kitinda mimba, mkewe alipokuja kumwona aliambiwa amelala, na jirani alisikia mara mbili mzee akiambiwa kwamba asipomaliza jambo lile atarudishwa kijijini afe peke yake. Hayo si maombi tena.

"Uliandikwa na wakili na ukahifadhiwa RITA, hauguswi"

Wakili makini ni kinga nzuri, hasa akizungumza na mtoa wosia peke yake, akimuuliza maswali ya wazi kama "una mali gani?" badala ya "shamba unampa huyu, siyo?", na akiomba daktari ampime mzee mgonjwa siku hiyohiyo. Lakini kama wakili aliitwa na mrithi, akalipwa na mrithi, na maelekezo akayapokea kwa mrithi kabla hajamwona mzee, muhuri wake hauongezi kitu. RITA nao wanatunza wosia usipotee wala usichezewe. Kutunza karatasi hakuthibitishi hali ya akili ya aliyeiandika.

"Tuache kwanza mirathi ifunguliwe, tutalia baadaye"

Ni kosa la gharama. Anayeomba kuwa msimamizi wa mirathi akishafungua shauri, tangazo hutolewa na siku ya kusikilizwa hutajwa. Hapo ndipo pa kuweka pingamizi. Mirathi ya kimila au ya Kiislamu huweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo; ile ya sheria ya 1865 haiendi huko, huenda mahakama za juu yake. Baada ya msimamizi kuteuliwa bado unaweza kuomba uteuzi utenguliwe, lakini kufikia wakati huo kiwanja cha Ihumwa huenda kina msingi wa nyumba ya mnunuzi.

Katika mfano wetu, mke na watoto wangehitaji vitu vichache vya uhakika: karatasi ya kuruhusiwa hospitali yenye tarehe na namba ya faili, ili mahakama imwite daktari aeleze mzee alikuwaje Alhamisi ile, nakala za saini za ushirika, jirani aliyesikia, na mtu yeyote aliyezungumza na mzee siku ya Jumapili au iliyo karibu nayo. Shahidi aliyemwona mzee miezi sita kabla, akasema alikuwa mzima, hasaidii upande wowote.

"Wosia ukifutwa, mali ni yetu tuliopinga"

Ukifutwa, kitinda mimba habaki mikono mitupu. Kama mzee aliacha wosia wa zamani ulio halali na usiofutwa kihalali, ule ndio unaorudi. Kama hakuna, mali inagawanywa kama ya mtu aliyekufa bila wosia, na kitinda mimba anahesabiwa humo pamoja na wenzake. Na ikiwa shinikizo lilihusu kipengele kimoja tu, tuseme kiwanja, mahakama inaweza kukiondoa hicho na kuyaacha mengine yasimame kama mzee alivyotaka.