Watu watatu, mahusiano 512: kuhesabu kwa matriki ya sifuri na moja

Chukua watu watatu tu, uwaite A, B na C, kisha uulize nani ana namba ya simu ya nani. Orodha ya majibu inaweza kutokea kwa namna ngapi tofauti? Nikiuliza swali hili darasani, jibu la kwanza huwa 8, na la pili huwa 6. Jibu sahihi ni 512.

Anayesema 8 amehesabu vikundi vinavyoweza kuundwa na watu watatu, ambavyo kweli ni 2×2×2. Lakini hatuchagui watu, tunachagua jozi. Anayesema 6 amekaribia: ameziona jozi, na ameona kwamba A kuwa na namba ya B si sawa na B kuwa na namba ya A. Ila amesahau kwamba mtu anaweza kuwa na namba yake mwenyewe kwenye simu yake, au asiwe nayo. Tena ameishia kuhesabu jozi zenyewe, wakati tunachohesabu ni namna za kuzichagua.

Katika hisabati, uhusiano kwenye seti si kitu zaidi ya mkusanyo wa jozi zenye mpangilio. Ukitaka kuuona kwa macho, chora jedwali la miraba 3 kwa 3. Safu mlalo ni za wenye simu, safu wima ni za wenye namba. Panapo namba andika 1, pasipo andika 0. Jedwali hilo ndilo matriki ya Boole, lililopewa jina la George Boole, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeifanya mantiki ikokotolewe kama aljebra.

Tuseme A ana namba yake na ya B, B ana namba za wote watatu, na C hana namba yoyote:

```
    A B C
A   1 1 0
B   1 1 1
C   0 0 0
```

Sasa kuhesabu kunakuwa jambo la kutazama tu. Kuna miraba 9, kila mmoja una chaguo mbili, na chaguo la mraba mmoja haliufungi mwingine. Basi ni 2 kwa kipeo cha 9, yaani 512. Seti ikiwa na elementi n, miraba ni n×n, na mahusiano ni 2 kwa kipeo cha n². Unaweza hata kuupa kila uhusiano namba yake: soma miraba mfululizo kama namba ya mfumo wa tarakimu mbili, 0 na 1. Matriki yetu inasomeka 110111000, ambayo ni 440. Uhusiano mtupu, ambamo hakuna mwenye namba ya yeyote, ni 0. Uhusiano kamili ni 511. Na ndiyo, ule mtupu unahesabiwa. Wanafunzi hupenda kuuacha nje, jibu likatoka 511.

Matriki hurahisisha pia kuhesabu mahusiano yenye sifa maalumu, kwa sababu sifa hugeuka kuwa sharti juu ya miraba. Uhusiano ni wa kujirejea iwapo kila mtu ana namba yake mwenyewe. Hapo miraba mitatu ya ulalo inafungwa kwenye 1, inabaki 6 huru, na jibu ni 64. Uhusiano ni linganifu iwapo kila ninayemhifadhi naye amenihifadhi. Hapo upande wa chini wa ulalo unalazimika kuwa kioo cha upande wa juu. Huru ni miraba 3 ya ulalo na 3 ya juu yake, na jibu ni 64 tena. Usidanganywe na kufanana huko. Si mahusiano yale yale, na kwa seti ya elementi 4 namba zinaachana: 4,096 ya kujirejea, 1,024 linganifu.

Sifa ya tatu ndiyo yenye makali. Uhusiano unapitisha iwapo kila A anapokuwa na namba ya B, na B akawa na ya C, basi A anayo ya C moja kwa moja. Hapa miraba haiko huru tena: mmoja ukiwa 1 unaweza kuulazimisha mwingine, nao ukaulazimisha wa tatu. Ndiyo maana mbinu ya kuhesabu miraba iliyo huru inakwama.

Kupima uhusiano mmoja, hata hivyo, ni rahisi. Zidisha matriki kwa yenyewe, ila kwa kanuni ya Boole: 1 jumlisha 1 ni 1. Kwa mkono kuna njia ya mkato. Safu ya A ina 1 chini ya A na chini ya B, kwa hiyo chukua safu ya A (110) na safu ya B (111), uziunganishe kwa "au": 111. Kwa B unaunganisha safu zote tatu, unapata 111. Safu ya C haina kitu, inabaki 000.

```
    A B C
A   1 1 1
B   1 1 1
C   0 0 0
```

Linganisha na ya mwanzo. Kwenye mraba wa A na C pametokea 1 mahali palipokuwa na 0. Maana yake kuna njia ya hatua mbili kutoka A hadi C kupitia B, lakini njia ya moja kwa moja haipo. Uhusiano haupitishi. Ukiongeza jozi hiyo moja tu na kuzidisha upya, hakuna 1 mpya inayojitokeza, na sasa unapitisha.

Ukiona 2 ndani ya jibu lako, umetumia kujumlisha kwa kawaida. Hilo si upuuzi, kwani namba hiyo inahesabu njia za hatua mbili ziko ngapi. Lakini hapa tunauliza kama njia ipo tu.

Kati ya mahusiano 512, yanayopitisha ni 171. Hadi leo hakuna fomula fupi inayojulikana ya kuyahesabu kwa n yoyote, hivyo tunaiachia kompyuta iyapitie yote:

```python
n, jumla = 3, 0
for k in range(2 ** (n * n)):
    m = [[(k >> (n*i + j)) & 1 for j in range(n)]
         for i in range(n)]
    if all(m[i][j] or not (m[i][t] and m[t][j])
           for i in range(n) for t in range(n)
           for j in range(n)):
        jumla += 1
print(jumla)
```

Weka `n` iwe 4 na utapata 3,994 kati ya 65,536. Kwa 5 mahusiano ni 33,554,432, utasubiri. Kwa 6 yanapita bilioni 68, na programu hii haifai tena.

Kuna hoja moja maarufu ambayo matriki huivunja papo hapo. Inasema uhusiano ulio linganifu na unaopitisha lazima uwe wa kujirejea: nina namba yako, nawe unayo yangu, basi ninayo yangu. Hoja inadhani kila mtu ana angalau namba moja. Mtu ambaye safu yake ni sifuri tupu haguswi na sharti lolote. Kwa watu watatu, mahusiano yaliyo linganifu na yanayopitisha ni 15, na ya kujirejea kati yake ni 5 tu. Katika yale 10 mengine, daima kuna mtu mmoja au zaidi ambaye hana namba ya yeyote, hata yake.