Skrini Inayomtazama Mteja: Skrini Kuu, Picha ya Nyuma na Upau wa Kazi kwenye Kaunta

Ofisi nyingi jijini Nairobi zinazohudumia watu kaunta zimeunganisha skrini mbili kwenye kompyuta moja, ya kwanza ikimtazama mhudumu na ya pili ikigeuzwa upande wa mteja ili aone bei, salio au stakabadhi yake. Kitengo chetu cha TEHAMA huitwa mara kwa mara kurekebisha kaunta za namna hii, na karibu kila mara tatizo si waya wala skrini yenyewe, bali ni kwamba kompyuta haijaambiwa skrini ipi ni kuu na ipi ni ya kuonyeshea watu. Makala hii inafuata kaunta moja tu, ya kulipia karo chuoni, iliyokuwa ikitumia Windows 11.

Mhasibu wa kaunta hiyo alikuwa na kipakatalishi chenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Skrini ya mzazi ilikuwa kubwa zaidi, ya pikseli 1920 kwa 1080, nayo ilikuwa imesimamishwa wima kama bango, kwa hiyo upana wake ulikuwa 1080 na urefu 1920. Aliyeiunganisha aliifanya hiyo kubwa kuwa skrini kuu, kwa hoja kwamba kubwa ndiyo kuu. Siku chache baadaye mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimwambia mhasibu kwa upole, “Mwanangu, huyo mwenye deni la elfu arobaini na tano ni mtoto wa jirani yangu.” Ujumbe wa barua pepe ulikuwa umechomoza kwenye kona ya chini ya skrini iliyomtazama yeye, ukiwa na jina na kiasi.

Ukubwa wa skrini hauna uhusiano wowote na kuwa kuu. Skrini kuu ndiyo inayobeba aikoni za mtandao, sauti na betri, ndiko arifa zinakochomoza, ndiko aikoni za faili za mezani zinakopangwa, na ndiko programu nyingi hufungukia kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: ni skrini ipi ambayo mwenye kazi peke yake ndiye anayeitazama? Kwenye kaunta, jibu ni skrini ya mhudumu, hata ikiwa ndogo na yenye mikwaruzo. Ukitaka kujua kwa kutupa jicho ni ipi iliyo kuu kwa sasa, tafuta zilipo aikoni za mtandao na sauti. Usitegemee namba, kwa sababu skrini inayoitwa 1 si lazima iwe kuu.

Tulianza kwa kubonyeza Windows na P pamoja, kisha tukachagua Extend. Hatua hii haiwezi kurukwa, kwa kuwa katika hali ya Duplicate skrini zote mbili huonyesha kitu kimoja na hakuna kuu wala ya pili ya kuzungumziwa. Halafu tulifungua Settings, System, Display, ambapo skrini huchorwa kama mistatili yenye namba. Kitufe cha Identify huandika namba hiyo kwa ukubwa juu ya kila skrini halisi, hivyo hakuna kubahatisha. Tuliubofya mstatili wa kipakatalishi, tukashuka hadi Multiple displays, tukaweka alama kwenye Make this my main display. Watu wengi hukwama hapa wakiona kisanduku hicho kimefifia na hakibonyezeki. Maana yake ni kwamba mstatili waliouchagua tayari ndio skrini kuu, nao wanapaswa kuchagua ule mwingine. Alama ilipowekwa, aikoni za mezani na arifa zilihamia kwa mhasibu papo hapo.

Lilibaki jambo ambalo maelezo mengi hulisahau. Mhasibu haioni skrini ya mzazi, kwa kuwa imempa mgongo, na kila mshale wa kipanya ulipovuka ukingo wa kulia ulipotelea huko asijue uko wapi. Mshale huvuka tu pale ambapo kingo za mistatili miwili zimegusana kwenye mchoro ule. Tuliuburuta mstatili wa skrini ya mzazi juu kulia hadi ukabaki umegusana na wa kipakatalishi kwa kipande kifupi tu karibu na kona ya juu, kisha tukabonyeza Apply. Tulizima pia Ease cursor movement between displays, kwa sababu chaguo hilo kazi yake ni kuupitisha mshale hata mahali ambapo kingo hazigusani, na hapa tulitaka kinyume chake. Mpangilio wa mchoro haukufanana tena na mpangilio wa meza, lakini hapakuwa na ubaya wowote, kwani mchoro huo ni ramani ya njia za mshale.

Sasa mhasibu anapotaka kumwonyesha mzazi taarifa ya karo, huifungua katika dirisha la peke yake kwenye skrini yake, huikagua kwamba ni ya mwanafunzi anayehusika, kisha hubonyeza Windows, Shift na mshale wa kulia kwa pamoja. Dirisha zima huruka hadi upande wa mzazi, na vitufe hivyo hivyo na mshale wa kushoto hulirudisha. Kipanya hakihitajiki hata kidogo. Njia hiyo pia humfaa mtu ambaye programu yake imefunguka ikapotelea kwenye skrini asiyoiona.

Skrini ya mzazi isipokuwa na dirisha lolote, kinachoonekana ni picha ya nyuma, na hapo awali ilikuwa picha ya mhasibu na familia yake wakiwa ufukweni. Ni picha nzuri, ila haikuwa yake mzazi kuitazama. Tuliamua kuifanya picha ya upande ule kuwa bango la hatua za kulipa karo, na ile ya familia ibaki upande wa mwenyewe. Katika Settings, Personalization, Background, tulichagua Picture, tukaziingiza picha zote mbili kwa kitufe cha Browse photos. Ukibofya picha kwa kawaida, itaenda kwenye skrini zote. Ili iende kwenye moja tu, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya miongoni mwa picha za karibuni, kisha uchague lile chaguo linaloanza na Set for monitor lenye namba ya skrini unayoitaka. Mtu mmoja azunguke kaunta ahakikishe kwa macho yake kwamba picha imefika ilikokusudiwa.

Bango la kwanza lilitoka limekatwa. Lilikuwa limechorwa kwa ulalo, 1920 kwa 1080, nalo likawekwa kwenye skrini ya wima kwa mtindo wa Fill, ambao hukuza picha mpaka ijaze skrini yote na kukata kinachozidi. Ili urefu wa 1080 ufike 1920, upana nao ulikuzwa ukafika takribani 3413, na skrini ina nafasi ya 1080 tu. Chini ya theluthi moja ya bango ndiyo iliyoonekana, na nambari ya akaunti haikuwamo. Mtindo wa Fit ungeonyesha bango lote, lakini likiwa ukanda mdogo katikati ya skrini, maandishi yake yakisomeka kwa shida. Tena, mtindo huu hauchaguliwi kwa kila skrini: ukichagua Fit, umeichagulia na skrini ya pili. Dawa ilikuwa kulichora bango upya kwa vipimo vya skrini yenyewe, 1080 kwa 1920, na kuipunguza picha ya familia iwe 1366 kwa 768. Picha inayolingana na skrini haikatwi wala haivutwi.

Kizuizi cha namna hiyo kipo pia kwenye rangi tupu. Chaguo la Solid color hupaka skrini zote, kwa hiyo anayetaka rangi tupu kwa mteja na picha kwake itabidi atengeneze picha ya rangi moja katika Paint na kuiweka kama picha nyingine yoyote. Mtindo wa Slideshow tuliukataa moja kwa moja, kwa kuwa huzungusha picha za folda kwenye skrini zote na hauruhusu kusema hii isifike kule.

Upau wa kazi, yaani ule ukanda wa chini wenye vitufe vya programu, ndio unaovujisha mambo kimyakimya. Kitufe kikionyeshwa pamoja na jina lake, huandika jina la hati iliyofunguliwa, na hati inayoitwa kwa jina la mwanafunzi mwenye deni inamtangaza hata kabla haijasomwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde taarifa za watu zisiwafikie wasiohusika, na sioni kwa nini ukanda huo usamehewe. Katika Settings, Personalization, Taskbar, fungua Taskbar behaviors, kisha uondoe alama kwenye Show my taskbar on all displays. Upau utabaki kwenye skrini kuu peke yake. Kwa kaunta, hilo linatosha.

Chumba cha mikutano ni habari nyingine, kwa sababu mtoa mada huhitaji upau kwenye skrini ya ukutani. Hapo upau uachwe kote, lakini kwenye chaguo la When using multiple displays, show my taskbar apps on, achague Main taskbar and taskbar where window is open. Upau wa ukutani utaonyesha madirisha yaliyo ukutani tu, na ule mkuu utaonyesha yote. Chaguo la Taskbar where window is open linafanana nalo, isipokuwa dirisha lililo ukutani halitaonekana kwenye upau mkuu, na mtoa mada atahangaika kulitafuta. Majina nayo yafichwe kwa kuchagua Always kwenye Combine taskbar buttons and hide labels on other taskbars. Kujificha kwenyewe kwa upau, Automatically hide the taskbar, hakugawanyiki. Kukiwashwa, pau zote hujificha.

Kuna dhana moja nimeikuta kwa mafundi wenzangu, kwamba Windows huzima arifa yenyewe mtu anapowasilisha. Kanuni wanayoifikiria inaitwa When duplicating your display, na kama jina lake linavyosema, inahusu skrini zinazoonyesha kitu kimoja. Katika Extend haifanyi kazi, na ndiyo maana kuchagua skrini kuu ifaayo ndiko kunakozuia arifa zisimfikie mteja.

Stima ikipotea, kipakatalishi huendelea kwa betri huku skrini ya mzazi ikizimika, na madirisha yaliyokuwa kwake hurukia kwa mhasibu. Stima ikirudi, mpangilio hurejea wenyewe mradi Remember window locations based on monitor connection imewashwa, kwani Windows hukumbuka mpangilio wa kila mkusanyiko wa skrini inazozitambua. Ukichomoa waya na kuuchomeka kwenye tundu jingine, kompyuta inaweza kuihesabu kama skrini mpya na kuanza na mpangilio wake wa kawaida. Kwenye kaunta ile tulibandika utepe mwekundu kwenye waya na kwenye tundu lake, na mhasibu ana mazoea ya kuinama upande wa mzazi kila stima inaporudi, atazame kama bango bado lipo.