Dai lisilotamkwa: picha ya kidonge inapoahidi afya

Dai lisilotamkwa ni ahadi ya afya anayoipata mtu kwa kutazama picha tu, ingawa hakuna neno lililoandikwa. Chupa ya vidonge juu ya meza haiahidi kitu. Iweke chupa hiyohiyo kando ya mzee anayepanda ngazi kwa tabasamu, na mtazamaji atamalizia mwenyewe: vidonge vimemtoa maumivu ya magoti.

Sheria zinalijua jambo hili vizuri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1924 ya mwaka 2006, inayosimamia madai ya lishe na afya kwenye vyakula pamoja na virutubisho, inahesabu picha, michoro na alama kuwa dai iwapo zinaeleza au kudokeza kwamba bidhaa ina sifa fulani. Nchini Marekani, kanuni za virutubisho nazo zinataja picha na alama miongoni mwa njia ambazo mtengenezaji anaweza kudai kutibu ugonjwa bila kuutaja. Kwa hiyo anayejitetea kwamba aliweka picha tu, maneno hakuandika, hana pa kushika.

Picha zinazotengenezwa na akili mnemba zina tatizo lao la ziada. Mpiga picha wa studio huweka mbele ya kamera anachotaka kionekane. Programu ya kutengeneza picha imejifunza kwa picha nyingi mno, na picha za vidonge mara nyingi ni matangazo. Ukiiomba chupa ya vitamini, inakuletea na mazoea ya matangazo: mwanga unaochomoza nyuma ya chupa, majani mabichi, matone ya maji, pengine na mtu aliyevaa koti jeupe. Hukuviomba. Vimekuja kwa sababu ndivyo chupa za vitamini zinavyoonekana kwa kawaida huko ilikojifunza, na kila kimoja kina la kusema. Majani yanasema bidhaa ni ya asili na kwa hiyo salama, na koti jeupe linasema daktari ameipitisha.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mtu anahitaji picha ya kapsuli za magnesiamu kwa ajili ya makala ya maelezo. Anaandika “kapsuli za magnesiamu, usiku, utulivu”. Anapata chumba cha kulala chenye mwanga wa buluu, mwanamke amelala usingizi mnono, na chupa iko kwenye kimeza cha kando ya kitanda ikimulika kidogo kama taa. Picha ni nzuri, na inasema wazi: meza hizi, utalala.

Je, hilo linaruhusiwa kudaiwa? Katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya madai yaliyoidhinishwa, magnesiamu inakubaliwa kuwa inachangia kupunguza uchovu na inasaidia misuli kufanya kazi kawaida, ikiwa bidhaa ina kiwango cha kutosha. Usingizi haumo. Melatonini ndiyo iliyoidhinishwa kwa usingizi, tena kwa jambo dogo kuliko watu wanavyodhani: inachangia kufupisha muda wa kupata usingizi, kwa miligramu 1 inayomezwa karibu na wakati wa kulala. Picha yetu basi imeipa magnesiamu sifa ya melatonini, kisha ikaiongezea usingizi wa usiku mzima ambao hata melatonini haijaidhinishiwa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Neno “utulivu” katika maelekezo limetosha.

Kurekebisha kunaanza na kutambua kinachobeba dai. Si mwanamke wala kitanda peke yake. Ni bidhaa na matokeo kukaa katika fremu moja. Macho yakiona kitu na hali ya mtu kwa pamoja, akili huunganisha: hiki kimeleta kile. Ndiyo maana jozi ya picha za “kabla” na “baada” huwa kali kuliko zote, hata tumbo likiwa limepungua kidogo tu. Ondoa matokeo, ibaki bidhaa:

```
Picha ya juu kwenda chini. Kapsuli tatu nyeupe na chupa
nyeupe yenye lebo tupu, juu ya meza tupu ya kijivu.
Mwanga wa mchana wa kawaida, vivuli laini.
```

Angalia kwamba maelekezo haya hayana neno “bila” hata mara moja. Programu nyingi za picha hazishiki vizuri kukanusha: ukiandika “bila daktari”, neno “daktari” lenyewe linaweza kumwita. Ni afadhali ueleze kinachotakiwa kuonekana, na kama programu ina sehemu ya maelekezo hasi, visivyotakiwa vikae huko. Rangi nazo zitajwe, maana usipozitaja utapewa buluu na zambarau za matangazo ya usingizi.

Lebo tupu ina sababu yake. Programu hizi huandika lebo kwa maneno yasiyosomeka vizuri, na katikati ya maneno hayo huweza kuchomoza nambari inayofanana na kiwango cha dozi, au muhuri unaofanana na wa chombo cha kuidhinisha dawa. Mtu anayesoma haraka ataona “500” na kuishika. Lebo ya kweli, ikihitajika, ibandikwe baadaye kutoka kwenye faili halisi la bidhaa, kisha isomwe neno kwa neno.

Idadi pia husema. Kiganja kilichojaa kapsuli nane huonekana kama maelekezo ya kumeza nane. Mimi huchagua kuonyesha idadi isiyozidi dozi iliyoandikwa kwenye bidhaa, au chupa iliyofungwa, ambayo haimwambii mtu kiasi chochote.

Kwa dawa, hasa zinazotolewa kwa cheti cha daktari, kuna hatari ya aina nyingine. Watu hutambua vidonge vyao kwa umbo, rangi na alama iliyochongwa juu yake, na nchini Marekani alama hiyo hutakiwa kisheria kwa vidonge vingi ili viweze kutambulika. Programu ikitunga kidonge cha waridi chenye herufi mbili, picha inaweza kufanana na dawa halisi ya ugonjwa mwingine kabisa. Kwa makala ya shinikizo la damu, kidonge cheupe cha mviringo kisicho na alama, na maelezo chini kwamba ni picha ya mfano, kinatosha. Msomaji akihitaji kuitambua dawa yake, hapo panatakiwa picha halisi ya dawa hiyo, ya kutengenezwa haifai.

Maelezo hayo ya chini yana mpaka wake, hata hivyo. Kuandika “picha imetengenezwa kwa akili mnemba” kunaeleza picha imetoka wapi. Hakufuti kilichodokezwa. Mwanamke bado amelala, na chupa bado iko kando yake.

Njia ya kupima ni nyepesi. Mwonyeshe picha mtu ambaye hajasoma makala, kisha muulize: “Hii inamfanyia nini anayeitumia?” Akijibu “sijui, ni vidonge tu”, picha imepita. Akitaja usingizi, nguvu, uzito au ngozi, dai limo ndani. Rudia swali hilo picha ikiwa imeshawekwa mahali pake, maana hata chupa ile ya meza ya kijivu, ikikaa chini ya kichwa cha habari kuhusu kisukari, itaanza kuonekana kama tiba yake. Hapo picha haina kosa. Kinachohitaji kubadilishwa ni mahali ilipowekwa.