Kuondoa ukungu na harufu ya uvundo katika vitabu na nyaraka za zamani

Harufu ya uvundo inayotoka katika kitabu cha zamani na vidoa vyeupe, vya kijivu au vya kijani vinavyotapakaa juu ya jalada lake vina chanzo kimoja, nacho ni kuvu. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali na hutua juu ya kila karatasi, lakini hazioti mpaka zipate unyevu. Hewa ya chumba inapokaa kwa muda mrefu juu ya asilimia 65 ya unyevu, karatasi, kitambaa cha jalada na hasa gundi ya wanga iliyotumika kujalidi huanza kuwa chakula chake. Katika miji ya pwani yetu, msimu wa masika huvuka kiwango hicho bila shida, na ndiyo maana watu wengi hugundua ukungu mwezi Mei au Juni, wanapofungua kabati au sanduku lililofungwa tangu Machi.

Tuchukue mfano wa daftari la kumbukumbu za vikao la chama cha ushirika mjini Tanga, lenye jalada la kitambaa, lililoandikwa kwa kalamu ya wino katika miaka ya 1950 na kuhifadhiwa ndani ya sanduku la bati lililosogezwa hadi kwenye ukuta wa nje wa nyumba. Ukuta hunyonya maji ya mvua, bati hupoa usiku, na hewa iliyonaswa ndani hutoa umande. Daftari hilo likitolewa, jalada litakuwa na vidoa vyeupe, kingo za kurasa zitakuwa na madoa ya kahawia, na harufu yake itajaza chumba.

Jambo la kwanza ni kutambua kama kuvu hiyo bado inakua au imekwisha kukauka. Chukua brashi laini, gusa doa moja pembeni mwa jalada na uangalie kinachotokea. Doa likitanuka na kuacha utelezi au alama ya kupakaza, kuvu ni mbichi na daftari bado lina unyevu. Kulisugua wakati huo ni kuizamisha kuvu ndani ya nyuzi za karatasi. Doa likipeperuka kama unga, limekauka na unaweza kulisafisha.

Ukaushaji ndio hatua inayorukwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayoamua kama kazi yote itafaulu. Lisimamishe daftari wima juu ya meza, lifungue kama pepeo ili hewa ipite kati ya kurasa, na uwashe feni iliyoelekezwa ukutani wala si kwenye karatasi. Kufungua madirisha siku ya mvua hakusaidii, kwa kuwa hewa inayoingia ina unyevu kuliko ya ndani. Chumba chenye kiyoyozi kinafaa zaidi, mradi kiyoyozi hakizimwi kila jioni, kwani kikizimwa unyevu hurudi usiku kucha. Kipima unyevu cha bei nafuu kikisoma chini ya asilimia 60 kwa siku kadhaa mfululizo, na kurasa zisipohisika kuwa baridi mkononi, daftari limekauka. Kuna ushauri wa tangu zamani wa kuanika vitabu juani. Jua la mchana huua baadhi ya kuvu, ni kweli, lakini mwanga wake hufifisha wino, na joto lake hupinda jalada na kuifanya karatasi iwe kavu kupita kiasi na kuvunjika. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Kabla ya kusafisha, vaa barakoa ya kiwango cha N95, glavu na miwani ya kujikinga. Barakoa ya kitambaa haizuii mbegu za kuvu. Mtu mwenye pumu, mzio au kinga dhaifu ya mwili asifanye kazi hii kabisa. Fanya kazi nje, penye kivuli, upepo ukitokea mgongoni kwako ili vumbi liende mbali nawe.

Anza na jalada likiwa limefungwa, ukipiga brashi laini kutoka kwenye mgongo wa kitabu kuelekea ukingoni, kisha ufungue na kusafisha kila ukurasa kwa mwelekeo huohuo. Penye mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, funga kitambaa chepesi cha wavu kwenye mdomo wake na uushike karibu na brashi bila kuugusisha kwenye karatasi. Mashine ya kawaida ya nyumbani haifai, kwa sababu huvuta mbegu mbele na kuzitoa nyuma. Vumbi lililogoma huondolewa kwa kipande kikavu cha sponji la mpira, kwa kugusagusa tu, tena mbali na maandishi ya penseli, maana sponji huyafuta. Wengine hutumia nyama ya mkate. Makombo yake hubaki kati ya kurasa na kuwalisha mende, na kuvu nayo hupata mlo mpya.

Maji, siki, spiriti na jiki viwekwe mbali na daftari la namna hii. Wino wa kalamu wa miaka hiyo mara nyingi huyeyuka kwa maji, na klorini iliyomo kwenye jiki huendelea kuzilegeza nyuzi za karatasi hata baada ya kukauka. Madoa ya kahawia yaliyobaki baada ya brashi ni rangi iliyoachwa ndani ya nyuzi, na usafi wa kavu hauitoi. Kwa maoni yangu, ni afadhali daftari lenye madoa linalosomeka kuliko jeupe lisilo na maneno. Picha zilizobandikwa ndani zisiguswe, kwa kuwa kuvu huilainisha ngozi ya picha na brashi huweza kuichubua pamoja na sura. Hizo zipelekwe kwa mtaalamu wa uhifadhi.

Harufu hushughulikiwa mwisho, pale tu karatasi imekauka na kusafishwa. Tafuta ndoo au kontena kubwa la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka chini yake bakuli lenye takribani gramu 250 za bekingi soda au mkaa mkavu uliovunjwavunjwa, kisha weka wavu juu yake na kulisimamisha daftari likiwa limefunguka kidogo, pasipo kugusana na bakuli. Funga. Badilisha kilichomo kwenye bakuli kila wiki, na tarajia kungoja kati ya wiki moja na tatu. Manukato na dawa za kupulizia hufunika harufu kwa siku mbili na kuacha mafuta kwenye karatasi. Ikiwa baada ya wiki tatu uvundo ni uleule, au kuta za kontena zimepata ukungu wa maji, daftari lilifungiwa humo likiwa bado bichi, na inabidi kurudi kwenye ukaushaji.

Sanduku la bati nalo lioshwe kwa sabuni, likaushwe kabisa na kuinuliwa juu ya mbao, likiwa limeachana na ukuta wa nje kwa nafasi ya kiganja. Andika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, tarehe uliyolirudisha daftari, na ulifungue tena baada ya wiki mbili. Vidoa vipya vikionekana mahali palipokuwa safi, tafuta maji yanakotokea kabla ya kushika brashi tena.