Usinionee Huruma Kimyakimya

Juzi mteja mwingine kaniambia niondoe kwenye gemu yake menyu ya kuchagua ugumu: Rahisi, Kawaida na Ngumu. "Gemu ijirekebishe yenyewe, bwana, mtu asiaibike." Nikanywa maji kwanza.

Anayesema hivyo hajacheza drafti kijiweni. Mzee akikwambia, "Leo naanza na kete 11, wewe 12," unakubali, na ukimfunga unatamba mtaa mzima. Ukigundua baadaye kwamba alikuwa anakuachia kete kimyakimya, ushindi uleule unageuka tusi. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza uliambiwa.

Tuliwahi kutengeneza gemu ya bodaboda kupenya foleni ya Kariakoo. Ukifeli mara 2 mfululizo, magari yalipunguza mwendo kwa asilimia 8. Ukiendelea kufeli, yalipungua tena. Tukaipeleka Sinza ijaribiwe. Kijana mmoja akacheza kidogo, akauliza, "Kaka, mbona daladala zinanisubiri?" Alishinda ile hatua, akarudisha simu mezani bila kusema neno.

Wengine walikuwa wajanja zaidi: walijigonga makusudi ili foleni ilegee. Kwenye rekodi hilo linaonekana wazi. Anayeshindwa kweli hufia karibu na palepale, mbali kidogo kila anapojifunza. Anayejigonga hufa ndani ya sekunde 4, mara 3 au 4 mfululizo, halafu ghafla anashinda.

Kosa letu, na hapa ndipo wengi hawanielewi, ni kugusa kitu ambacho mchezaji alishakikariri. Mwendo wa magari ndiyo rula aliyojipimia; ukiivuta, anajua. Resident Evil 4 ya 2005 hujirekebisha pia, lakini kwa kubadili mambo kama idadi ya maadui na ukali wao, vitu ambavyo mtu aliyebanwa hana nafasi ya kuvihesabu. Wengi waliimaliza bila kushtuka. Je, huko ni kumheshimu mchezaji, au ni kumdanganya kwa ustadi? Mimi hubadilisha jibu kila mwaka.

Menyu nayo si malaika. Inakuuliza uwezo wako kabla hujagusa kitu, na wakati mwingine kwa dharau: Wolfenstein 3D ya 1992 ilimvisha kofia ya kitoto anayechagua kiwango chepesi kuliko vyote. Matokeo yake mtu anachagua Ngumu kwa ubishi, jioni anaifuta gemu.

Ninayoipenda ni njia ya gemu ya Hades: unawasha mwenyewe God Mode, inakukinga asilimia 20 ya madhara, na kila ukifa inaongeza 2, mwisho 80. Inajirekebisha, ila umeiita wewe na namba unaiona.

Kwetu tuliweka kitufe kinachotokea baada ya kufeli mara 3. Kilipoandikwa "Unahitaji msaada?" hakuna aliyekigusa. Tukabadilisha kuwa "Punguza foleni". Yule kijana wa Sinza alikibonyeza, akashinda, kisha akakizima na kuirudia hatua ileile.