Kufunga hakubadilishi HbA1c

"Nimefunga tangu jana usiku, sukari ya asubuhi 5.8, mbona HbA1c imetoka 8?"

Hiki kipimo cha HbA1c hata hakihitaji ufunge. Kile cha kidoleni kinasoma sukari ya dakika hiyo tu, HbA1c inasoma asilimia ya himoglobini ndani ya seli nyekundu za damu iliyogandwa na sukari, na ikishaganda haibanduki mpaka seli nyekundu ife, yaani kama siku 120, ndo maana inaonyesha karibu miezi mitatu, ingawa mwezi wa mwisho unachangia karibu nusu. HbA1c ya asilimia 8 ni wastani wa sukari wa kama 10.2, kwa hiyo ukishakula huenda inapanda sana, pima masaa mawili baada ya msosi uone. Ila kama una selimundu mwambie daktari, seli zinakufa mapema na majibu yanaweza kutoka chini kuliko ukweli.