Asesa anakuja kuliona gari: ya vijiweni na yaliyo kweli

Tuchukue Noah ya familia, ina bima kubwa, imegonga ng'ombe jioni kati ya Sengerema na Busisi. Bampa limepasuka, shoo imevunjika, taa ya kushoto imerudi ndani, bonet limekunjamana na rejeta inavuja. Hakuna aliyeumia. Polisi wamefika, gari limevutwa hadi kituoni, na mwenyewe, anayekaa Nyegezi jijini Mwanza, ameshatoa taarifa kwenye kampuni ya bima. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika, kila mtu na wake.

"Askari ameshalikagua, asesa wa nini tena?"

Hao ni watu wawili na kazi zao ni mbili. Askari mkaguzi wa magari anapima breki, usukani, tairi na taa ili ajue kama ubovu wa gari ulichangia ajali, na ripoti yake inaingia kwenye jalada la polisi. Asesa, yaani mkadiriaji hasara anayepewa kazi na kampuni ya bima, anataka kujua nini kimeharibika, kama kimeharibika kwenye ajali hii hii, na kukirudisha kutagharimu kiasi gani. Ripoti ya polisi ataihitaji, lakini haichukui nafasi ya macho yake.

Jambo la kushika hapa ni mpangilio. Polisi wasipomaliza kazi yao, gari halitoki yadi. Kwa hiyo usimwahidi asesa kwamba Alhamisi atalikuta gereji Igogo, Mwanza, wakati hujapewa ruhusa ya kulitoa kituoni. Kama anaweza kulikagua palepale yadi, sawa, ila kituo kijulishwe mapema na ijulikane funguo ziko kwa nani.

"Nimeshawaambia liko Sengerema, watalipata."

Hii ndiyo inayopoteza siku za watu kuliko zote. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kulivusha gari upande wa Mwanza si safari ya kusubiri kivuko tena. Mwenye Noah anapewa ruhusa saa tatu asubuhi, brekidauni inapatikana, na kabla ya adhuhuri gari liko Igogo. Asesa naye, mwenye karatasi inayosema Sengerema, anavuka daraja akielekea kule lilikotoka. Hakuna aliyekosea njia, ila taarifa ya kwanza haikufutwa, na miadi mipya inaweza kuja baada ya siku kadhaa huku yadi au gereji ikihesabu gharama ya maegesho.

Ndiyo maana kila gari linapohama, hata mita mia tano kutoka gereji moja kwenda nyingine, anayepaswa kujua kwanza ni asesa, kisha ofisi ya madai. Simu pekee haitoshi. Andika meseji inayojitegemea, mtu aisome bila kuuliza swali:

"Dai namba …, Noah namba T … . Gari limehama kutoka kituo cha polisi Sengerema. Sasa liko gereji Igogo, lokesheni naituma. Haliendesheki, rejeta imepasuka. Alhamisi saa 4 asubuhi atakuwepo dereva aliyekuwa akiendesha, ana funguo na kadi ya gari, simu … . Fundi wa bodi pia yupo."

Hapo kuna mahali, hali ya gari, saa na mtu wa kumpigia akifika getini. Neno "haliendesheki" si la mapambo. Linamwambia asesa kwamba hawezi kukuomba ulipeleke ofisini kwao. Na usikubali kuliendesha ili tu kuwahi miadi: injini ikipata joto kupita kiasi kwa kukosa maji, hasara hiyo mpya kampuni inaweza kuikataa, kwa sababu si ng'ombe aliyeileta. Ni afadhali brekidauni, ila uliza kwanza bima yako inalipia kuvuta gari hadi kiasi gani, na stakabadhi uitunze.

"Fundi alifungue kabisa, asesa akute kila kitu peupe."

Fundi anayesema hivi mara nyingi hana nia mbaya, anataka kazi isonge. Lakini bampa likishatolewa na rejeta ikiwa sakafuni, hakuna tena anayeweza kuona zilivyogongana. Asesa anasoma mfuatano: bampa limeingia hivi, likasukuma sapoti, sapoti ikagusa kondensa ya kiyoyozi, kondensa ikaibana rejeta. Mfuatano ukivunjwa, kila kifaa kinakuwa na swali lake: hiki kilikuwa kizima juzi?

Basi liache lilivyo. Hata kuliosha usilioshe. Manyoya ya ng'ombe yaliyonasa kwenye shoo ni ushahidi ulio upande wako. Unachoweza kusafisha ni pale penye namba ya chesisi, kwa kuwa ataipiga picha na kuilinganisha na kadi ya gari na hati ya bima. Mwambie fundi asilisukume puani mwa ukuta. Mbele ndiko kulikoumia, na anahitaji nafasi ya kusimama na kupiga picha. Mwanga wa mchana ni lazima: mkunjo mdogo wa fenda hauonekani jioni.

Vipi kuhusu yaliyojificha? Ukiona upenyo kati ya bonet na fenda ni mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, au mlango wa mbele umeanza kukwaruza, huenda mapigo yalifika kwenye chesisi. Yaonyeshe siku hiyo hiyo. Asesa ataandika kwamba kuna hasara inayoshukiwa, kisha fundi anafungua kwa ruhusa yake, na kinachogundulika kinapigwa picha kikiwa bado mahali pake kabla hakijang'olewa. Huo unaitwa ukaguzi wa pili, na ni jambo la kawaida. Kifaa kilichokwisha kubadilishwa kabla hajaitwa ni mzozo. Vilivyovunjika navyo vikae. Kampuni ina haki ya kuvitaka.

"Mwenye kadi asipokuwepo, hakuna ukaguzi."

Si kweli. Mwenye kadi anaweza kuwa Dodoma na kazi ikafanyika. Anayehitajika zaidi ni aliyekuwa kwenye usukani, kwa sababu maswali yatakuwa yake: ulikuwa unatoka wapi, ng'ombe alitokea upande gani, ulifunga breki wapi. Aje na leseni. Maelezo yake yafanane na yale aliyowapa polisi na yaliyoandikwa kwenye fomu ya madai, na njia ya kuyafanya yafanane ni kusema kilichotokea tu.

Kosa la upande wa pili ni kumwachia fundi kila kitu. Fundi anaweza kubishana na asesa kama taa itengenezwe au inunuliwe mpya, na hapo ana msaada mkubwa. Lakini hakuwepo barabarani. Akiulizwa mwendo wa gari na akabahatisha, jibu lake linaweza kuandikwa. Kaka au shemeji aliyeazimwa funguo naye aambiwe wazi: fungua gari, jibu unachokijua, kingine sema dereva atapigiwa.

"Asesa akisema linalipwa, limelipwa."

Yeye anapendekeza, kampuni ndiyo inayoamua na kulipa, baada ya kukata kiasi ambacho mkataba unakutaka uchangie mwenyewe. Kwa hiyo fundi wa Igogo akikuuliza aagize taa siku ile ile asesa alipoondoka, mwambie asubiri idhini ya maandishi kutoka ofisi ya madai.